Mrejesho: tengo la madeni yenye shaka, duka la pembejeo Masasi

Niliuliza: "Deni la 400,000 halilipiki na tengo ni asilimia 5, je, gharama ya mwaka ni 1,000,000?"

Nashukuru kwa majibu. Gharama sahihi ni 550,000. Kwanza nilijumlisha upya orodha ya wadaiwa, kwa kuwa kwenye picha ya orodha hiyo kivuli kiliangukia deni la mkulima aliyekopa salfa ya mikorosho, nami nikasoma 300,000 badala ya 800,000. Jumla ya chini, 12,400,000, ndiyo iliyonifichulia kosa. Nilifuta zile 400,000 kabla ya kukokotoa tengo, zikabaki 12,000,000, ambazo asilimia 5 yake ni 600,000. Kosa langu kubwa lilikuwa kupeleka 600,000 zote kwenye hesabu ya faida na hasara, ilhali 450,000 zilikwisha kutozwa mwaka jana, hivyo kinachotozwa sasa ni ongezeko la 150,000 pamoja na deni lililofutwa. Kwenye mizania, hata hivyo, tengo lote la 600,000 hupunguzwa, na wadaiwa husomeka 11,400,000.

Nilihakikisha pia kwamba deni hilo halikuwa limefutwa tayari kwenye urari, maana ningelipunguza mara mbili.