Rangi ya chumba cha mtoto mchanga: kijani kijivujivu, udongo, siagi au urujuani?

Tandabui
Wakuu, chumba kina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3, dari iko mita 2.7. Dirisha ni moja na mbele yake kuna ukuta wa nyumba ya pili, kwa hiyo jua haliingii moja kwa moja. Sakafu ni vigae vyekundu. Taa ni ya LED ya mwanga wa manjano, imeandikwa 2700K. Waridi na buluu hatuzitaki, ila tunataka chumba kilichopoa. Baada ya kuchuja zimebaki nne: kijani kijivujivu, udongo hafifu, njano ya siagi na urujuani hafifu. Kwenye kadi ya dukani zote zinapendeza. Ipi itabaki kuwa yenyewe ikishapakwa?

Rola_Kavu
Kwa chumba hicho, mbili kati ya hizo nne zitakurudisha kulekule unakokimbia.

Anza na urujuani. Mchana, dirisha lisilopata jua huingiza mwanga wenye ubuluu, na urujuani utaegemea huko. Usiku ukiwasha taa ya 2700K, mwanga wake una buluu kidogo sana, kwa hiyo ukuta unabaki na upande wake mwekundu na kuonekana waridi lenye vumbi. Yaani unazikwepa buluu na waridi, halafu unazipata zote mbili kwa zamu.

Udongo nao una mtego wake, nao uko kwenye neno "hafifu". Kuna udongo uliojengwa juu ya wekundu na kuna uliojengwa juu ya manjano iliyofifia. Wekundu ukiupunguza kwa nyeupe unakuwa waridi, hakuna namna nyingine. Jaribu hivi: chukua kijiko kimoja cha rangi hiyo, changanya na vijiko vinne vya nyeupe, paka kwenye karatasi na uache ikauke. Ikitoka kama ganda la yai la kahawia, uko salama. Ikitoka kama ufizi, iache. Na kwa vigae vyako hata ile nzuri itasogea kidogo, maana mwanga ukigonga sakafu nyekundu hupanda na wekundu wake hadi sehemu ya chini ya kuta.

Kijani kijivujivu ndicho ningekichagua, lakini si kile unachokipenda kwenye kadi. Kwenye chumba chenye kivuli ujivu unakula ukijani, na unaweza kujikuta na ukuta wa saruji. Chukua hatua moja mbele, kile ambacho dukani kinaonekana kijani kuliko unavyotaka.

Mama_Wawili
Siagi iondoeni kabisa. Njano huwafanya watoto walie. Isitoshe mtoto mchanga haoni rangi, anaona nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo mnapoteza muda. Pakeni mistari mipana myeusi na myeupe ukuta mmoja, mtoto ataangalia hapo.

Nuru_Pembeni
Dada, nusu ya hayo ni kweli. Mtoto mchanga huvutiwa zaidi na vitu vyenye tofauti kubwa ya giza na mwanga, na uwezo wake wa kutofautisha rangi hukua polepole katika miezi ya mwanzo. Karibu na mwezi wa tano unakuwa mzuri. Lakini anaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, kama kati ya uso wake na wa anayemnyonyesha. Mistari iliyo ukutani mita mbili kutoka kitandani haimfikii. Kadi ndogo ya nyeusi na nyeupe karibu na godoro la kubadilishia nepi itafanya kazi hiyo, na ukuta ukaachwa kwa ajili ya watu wazima watakaokesha humo. Upole wa rangi miezi ya kwanza ni wenu zaidi kuliko wake.

Kuhusu kulia, sioni pa kuishikia hoja hiyo. Ila siagi ina kasoro nyingine ambayo haitajwi sana. Manjano ya watoto wachanga mara nyingi hujitokeza siku ya pili hadi ya nne, na nyumbani hutambuliwa kwa macho. Ukuta wa njano ukiongeza na taa ya njano, ngozi ya kila mtoto inaonekana ya njano. Mwenye manjano kweli anaweza kupita bila kutambuliwa, na asiye nayo akawatia hofu bure. Mkichagua siagi, isiwe ukuta ulio karibu na mahali pa kubadilishia nepi, na ukaguzi ufanyike mchana karibu na dirisha, taa ikiwa imezimwa. Mtoto mwenye ngozi nyeusi tazameni weupe wa macho, fizi na viganja, maana ngozi yenyewe huficha. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au mkiwa na shaka tu, apelekwe hospitali. Msingoje mwanga mzuri.

Babu_Chokaa
Kama ni wa kike si mpake waridi tu yaishe? Na mapazia mnaweka ya rangi gani?

Tandabui
Shikamoo mzee. Hatujui ni wa kike au wa kiume, na hata tukijua tungependa chumba kitumike na mdogo wake baadaye. Mapazia tulifikiria ya kijani, yafanane na ukuta.

Babu_Chokaa
Marahaba. Basi hapo kwenye mapazia angalieni.

Nuru_Pembeni
Mzee kagusa penyewe. Pazia jepesi la kijani likipitisha mwanga hulipaka chumba kizima kijani, na uso wa mtoto utaonekana kama mgonjwa. Wekeni nyeupe au krimu upande wa dirishani. Kijani, kama ni lazima, kiwe kwenye kitambaa kizito kisichopitisha mwanga.

Rola_Kavu
Tandabui, kabla hujanunua ndoo, nunua kopo dogo la kijani na dogo la udongo. Chukua vipande viwili vya kadibodi nyeupe kwa kila rangi, ukubwa wa sentimita 50 kwa 50, paka mikono miwili hadi ukingoni kabisa. Ukiacha fremu nyeupe, rangi itaonekana nzito kuliko ilivyo. Usipake vipande vya majaribio juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu rangi ya zamani inayozunguka hudanganya jicho.

Vikikauka, visimamishe wima. Kadibodi iliyolazwa mezani hupokea mwanga wa juu na kuonekana nyepesi kuliko ukuta. Kimoja kiweke ukuta unaotazama dirisha, kingine ukuta uleule wenye dirisha, ambao ndio wenye giza kuliko zote. Tazama asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka.

Halafu fanya na hili ambalo wengi hawalifanyi: viunganishe viwili vya rangi moja pembeni kama kitabu kilichofunguliwa, uangalie ndani ya kona. Kuta zikitazamana hurushiana rangi, na ndani ya kona hiyo utaona jinsi itakavyokolea ukizungukwa nayo. Udongo hukolea sana hapo. Kijani kijivujivu kiasi.

Fundi_Msasa
Mimi nasema msipake chumba kizima. Pakeni rangi kuanzia sakafuni hadi mita 1.2, juu yake krimu. Mzunguko wa chumba ni mita 13, mara 1.2 ni mita za mraba 15.6; ukitoa mlango inabaki kama 14.5. Mikono miwili ni 29, na lita moja ya rangi ya maji ikipaka mita 10 za mraba, lita 3 zinatosha. Angalia kopo lako, nyingine hazifiki 10, na ukuta usio na praima hunywa zaidi. Chumba kizima, ukitoa mlango na dirisha, ni karibu mita za mraba 32, ambazo ni zaidi ya lita 6.

Faida si akiba tu. Krimu juu inarudisha mwanga kwenye chumba chenu chenye giza, nayo hairushi rangi usoni kwa mtoto aliyebebwa.

Na msichukue rangi isiyong'aa kabisa kwa ile sehemu ya chini. Ukifuta doa, pale ulipofuta panang'aa na kuacha baka.

Rola_Kavu
Hapo kwenye mng'ao hatukubaliani. Rangi yenye mng'ao kwenye ukuta usionyooka huonyesha kila kilima, na usiku taa ya pembeni inaachia mstari wa mwanga unaokera. Siku hizi kuna zisizong'aa zinazooshwa, imeandikwa kwenye kopo.

Fundi_Msasa
Zipo, na nyingine huoshwa hadi zikaondoka. Sugua kipande cha majaribio kwa kitambaa chenye maji mara 20 ndipo uniambie.

Jambo moja la lazima: kama chini kuna rangi ya miaka mingi inayobanduka, msiiguse kwa msasa mkavu kabla hamjajua kama ina madini ya risasi. Vumbi lake ni hatari kwa mjamzito na kwa mtoto kuliko rangi yoyote mtakayochagua. Ikishukiwa, ipimwe kwanza, na mjamzito asiwe ndani ya nyumba kazi ikiendelea. Chagueni rangi ya maji yenye harufu ndogo na mmalize wiki kadhaa kabla mtoto hajaja, madirisha wazi. Harufu kuisha hakumaanishi kila kitu kimeshapaa.

Mama_Wawili
Haya, mistari nimeiacha. Ila kwetu siagi ipo na mtoto analala vizuri, sasa sijui.

Tandabui
Nimejaribu siku mbili. Udongo, ule wa vijiko vinne vya nyeupe, ulitoka ufizi mtupu, nimeuacha. Kijani nilichokipenda dukani kilikuwa saruji kwenye ukuta wa dirisha, kama ulivyosema. Cha hatua moja mbele kimebaki kijani asubuhi na adhuhuri. Usiku kinavuta kwenye rangi ya majani makavu, ambayo haitusumbui. Tunapaka hadi mita 1.2, juu krimu. Rangi ya chini ya sasa haibanduki na nyumba si ya zamani, tutaosha na kupaka praima bila kukwangua.

Bado dari. Iwe nyeupe au krimu ileile?

Rola_Kavu
Krimu ileile. Nyeupe safi juu ya krimu itaifanya krimu ionekane chafu, na mtoto alalaye chali ndiye atakayeitazama.

Fundi_Msasa
Nyeupe. Chumba kina dirisha moja lililozibwa na ukuta, kila mwanga unaoweza kuurudisha urudishe.

Tandabui
Napaka kadibodi nyingine mbili.