Asilimia 10 ya dharura: akiba au mlo?

Mweka Hazina: Tunajenga zahanati ya parokia, makadirio milioni 120. Niliweka asilimia 10 ya dharura, kamati ya fedha imeikata yote, eti ni hela ya kula. Nirudi kwao na hoja gani?

Mjumbe Mkorofi: Hata mimi ningeikata. Dharura huisha yote kila mradi, halafu ofisi ya mhasibu inaota vigae.

Mama Hesabu: Mhasibu kakukosea nini? Miaka 19 kazini, sakafu yangu ni saruji tupu.

Mjumbe Mkorofi: Sikukutaja, dada. Mbona unashtuka?

Mkadiriaji: Mweka hazina, hiyo 10 haina mwenyewe, ndiyo maana wameikata. Kiwanja ni udongo gani?

Mweka Hazina: Wa mbuga, mweusi. Kiangazi unapasuka, mguu unazama. Hatujachimba kupima.

Mkadiriaji: Basi anzia hapo. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, ukuta unapasuka. Tuseme kushusha msingi na kujaza kifusi kutaongeza milioni 12, na uwezekano ni nusu kwa nusu: andika 6. Nondo na saruji za milioni 30 zikipanda kwa asilimia 10: andika 3. Malori kukwama masika: 1. Jumla 10. Sasa waulize wanafuta kipi.

Wa Kisumu: Kwetu Kenya sheria ya fedha za umma ya 2012 imefunga dharura ya kaunti kwenye asilimia 2. Nyinyi mnataka 10?

Mkadiriaji: Huo ni mfuko wa majanga, ndugu, na hupimwa kwa mapato ya kaunti. Msingi wa zahanati haumo.

Mama Hesabu: Ila hesabu yako ina tundu. Udongo ukiwa mbaya unataka 12, wewe umeweka 6. Nusu ya msingi hujengi.

Mkadiriaji: Kweli. Kwa miradi 20 hesabu zingefidiana, kwa mmoja hazifidiani. Ndiyo maana nasema achimbe mashimo matatu kabla ya kikao. Akikuta changarawe karibu, ile 6 aifute mwenyewe mbele yao. Akikuta mfinyanzi mpaka chini, hiyo si dharura tena, aingize 12 nzima kwenye msingi.

Mweka Hazina: Na hela ya kuchimba? Bajeti ya upimaji walishaikata mwaka jana.

Mjumbe Mkorofi: Vijana wa kwaya na majembe, mita mbili hivi. Mimi shida yangu ni nani anafungua hilo fungu. Kwetu fundi na mhasibu walisainiana mezani, sisi tukaletewa risiti.

Mkadiriaji: Asaini kamati yenyewe, kila mara kwa sababu iliyoandikwa tangu mwanzo. Msingi ukishapita salama, fungu lake lirudi hapo hapo, lisingoje paa. Vigae havimo.

Mama Hesabu: Vigae tena! Na huyo mhasibu wa risiti alikuwa nani hasa?

Mjumbe Mkorofi: Njoo pembeni nikueleze, dada.