Naomba ushauri: 3 + 2x inageuka 5x

Walimu wenzangu, habari za kazi. Kesho kutwa naanza aljebra na kidato cha kwanza, na najua wengi wataandika 3 + 2x = 5x. Mwaka jana niliwaambia wajaribu x = 1. Pande zote zikatoa 5, wakazidi kuamini! Namba ile inaficha kosa.

Safari hii nitauliza: x ikiwa 4, 3 + 2x ni ngapi? Anayesema 20 amejumlisha 3 na 2 kwanza. Wa 27 amesoma 2x kama 24. Jibu ni 11.

Anayenisumbua ni yule anayepata 11, kisha akiambiwa arahisishe anaandika 5x bila wasiwasi. Huyo mnamuuliza swali gani, alione kosa mwenyewe kabla sijamsahihisha?