Naomba ushauri: nipangeje bustani ya shule ili darasa la tano wapime na kuvuna muhula mzima?

Mwl_Moro
Habari zenu wakuu. Nafundisha shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Morogoro. Muhula wa pili ukifunguliwa Julai nakabidhiwa bustani yenye matuta sita, kila moja mita 1 kwa mita 6. Kuna bomba, samadi ya kutosha, keni mbili na mizani ya kuning'iniza. Nataka darasa la tano wajifunze kilimo hapo kuanzia wiki ya kwanza: wapime, waandike, wavune. Kila nikipanga, mavuno yanaangukia siku moja, au yanaangukia likizo. Nafikiria mchicha na sukuma wiki. Nianzie wapi, na daftari liandikwe nini?

Ndugu_Gairo
Mwalimu, achana na mboga. Panda mahindi ekari nzima, watoto wapate uji na makande. Kwetu wazazi walichangia trekta na mwaka huo hakuna mtoto aliyelala njaa.

Mwl_Moro
Ndugu yangu, ekari sina, na Julai huku mvua hakuna. Mahindi pia yanavunwa mara moja, na mimi nahitaji kitu cha kupima mara nyingi.

BabaUgani
Mwalimu, nimekuwa bwana shamba miaka mingi. Kabla ya mbegu, pima maji. Kiangazi mboga za majani zinataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta lako lina mita 6 za mraba, kwa hiyo ni lita 30, ndoo moja kubwa na nusu. Matuta sita ni ndoo tisa kila siku. Wape watoto ndoo ya lita 20 na saa, wahesabu bomba linajaza ndoo ngapi katika muda wenu wa kumwagilia. Wakipata sita, bustani yako ni matuta manne, hata kama ardhi ipo ya sita. Hilo ni somo la kwanza, na wakilihesabu wenyewe hawatalisahau.

Baada ya hapo chukua kalenda ya shule uhesabu kurudi nyuma. Mchicha uko tayari wiki ya nne tangu kusia, ila baridi ya Julai huweza kuuchelewesha. Sukuma hukaa kitaluni wiki nne au tano, kisha inataka wiki tano nyingine shambani kabla ya kuanza kuchuma majani ya chini. Kwa hiyo sia kitalu cha sukuma wiki ya kwanza, siku ileile mnayopima matuta. Mchicha usie tuta moja kila wiki: wiki ya 2, ya 3, ya 4. Utavuna wiki ya 6, ya 7 na ya 8, kila wiki kundi jingine likiwa kwenye mizani.

Mama_Tunu
Mimi nauza mboga sokoni. Mizani ya nini kwa mchicha? Unahesabiwa kwa mafungu. Watoto waandike wamepata mafungu mangapi na shilingi ngapi, hiyo ndiyo hesabu watakayoitumia maishani.

BabaUgani
Mama Tunu, kwenye pesa uko sahihi kabisa, na mafungu yaandikwe. Lakini wewe mwenyewe unajua fungu la kiangazi na fungu la masika si sawa. Mboga ikiadimika, fungu linapungua na bei haibadiliki. Ukiandika mafungu peke yake, huwezi kujua tuta lipi limezaa vizuri. Wapime kwanza, ndipo wafunge. Tuseme tuta limetoa kilo 9 na yametoka mafungu 24. Kila fungu lina gramu 375, na tuta limezaa kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Wiki inayofuata wakipata mafungu 24 tena kwa kilo 7, wataona wenyewe kwamba waliofunga wamepunguza mkono.

Mama_Tunu
Hapo nimekuelewa. Basi waandike na yaliyobaki bila kuuzwa, maana mchicha wa jana hauna mteja.

Mwl_Moro
Asanteni sana. Baba, daftari lenyewe likoje? Nina watoto 48.

BabaUgani
Ukurasa mmoja kwa kila tuta, si kwa kila mtoto. Safu nne zinatosha: tarehe, kilichofanyika, kipimo, jina la aliyepima. Samadi iandikwe kwa debe. Debe mbili zilizooza vizuri zinatosha tuta lako. Maji yaandikwe kwa lita. Siku mche wa kwanza ulipochomoza iandikwe, na urefu upimwe kila Jumatatu kwa miche kumi ileile iliyowekewa vijiti. Wakichagua miche mingine kila wiki, watachukua ile mirefu na daftari litadanganya.

Mavuno yana mtego wake. Mchicha uliotoka kumwagiliwa una maji juu ya majani, na mizizi yenye udongo ina uzito wake. Wavune asubuhi kabla ya maji, wakate mizizi, wapime beseni tupu kwanza na kuliondoa kwenye hesabu. Na chunguza tarakimu: ukiona urefu wote unaishia kwenye 0 au 5, au siku tano zina lita 30 kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, ujue lilijazwa Ijumaa kwa pamoja. Usiwachape. Waambie waache wazi siku wasiyopima.

Ticha_Kakamega
Hapa Kenya tuna mihula mitatu na wa mwisho ni mfupi, kwa hivyo sukuma tunaihamisha kutoka muhula hadi muhula. Mimi nimepanda kwenye magunia kando ya madarasa, maji yanatumika kidogo. Lakini kulinganisha gunia na tuta kumenishinda, kwa sababu sijui nigawanye kilo kwa mita gani: eneo la chini la gunia, au pande zote zenye miche?

BabaUgani
Ticha, gawanya kwa lita za maji. Kilo kwa kila lita mia zinalinganishika popote. Kwa eneo, mimi mwenyewe ningetumia ardhi ambayo gunia limekalia, ila wapo watakaokataa.

Mwl_Moro
Nimekaa na kalenda. Leo bomba limejaza ndoo sita, kwa hiyo ni matuta manne: matatu ya mchicha, moja la sukuma. Sukuma itatoka kitaluni wiki ya 6, mistari miwili iliyoachana sentimita 60, mche hadi mche 45, jumla miche 26. Likizo fupi ya Septemba inaangukia wiki ya 10. Wiki ya 8 mchicha wote utakuwa umetoka, kwa hiyo sitasia tena hadi wiki ya 11. Likizo itakuta tuta moja tu la kumwagilia, lenye matandazo ya nyasi kavu. Mlinzi amekubali lita 30 kila jioni.

BabaUgani
Hapo sawa. Ila mlinzi naye aandike kwenye daftari, hata kama ni alama tu ya mkaa ukutani. Na ukisia mchicha wiki ya 11, chunga kuku. Hiyo ni mbegu changa na watoto hawapo jioni.

Mama_Tunu
Na pesa ya mafungu inakwenda wapi? Kwa mwalimu mkuu, kwa darasa, au kwa mbegu za Januari?

Mwl_Moro
Hilo kamati ya shule haijaamua. Mimi naomba angalau mbegu na keni moja zitoke humo. Aliyewahi kupitisha jambo kama hili kwenye kamati yake, aniambie aliliwasilisha vipi.