ADX inanichanganya: niendelee kuuza renji au nifuate trendi?

Kijana wa Makorora: Wakuu, nisaidieni. ADX ikiwa chini ya 20 nauza juu ya renji na kununua chini yake. Ikivuka 25 nafuata trendi. Leo EURUSD, chati ya dakika 15, imezunguka kati ya 1.0840 na 1.0865 tangu asubuhi. ADX 17. Nikauza 1.0864. Mshumaa uliofuata ukapasua juu, ADX ikaruka hadi 31. Oda bado iko wazi. Nigeuke ninunue, au nisubiri irudi?

Fundi Chati: ADX ikipanda maana yake nunua. Geuka haraka.

Bi Hesabu: Hapana. ADX hupanda hata bei ikiporomoka. Inapima nguvu tu. Upande utauona kwenye +DI na -DI. Kijana, stop losi iko wapi?

Kijana wa Makorora: Sikuweka. Renji ilikuwa imeshika tangu asubuhi.

Mama Pipsi: Mwanangu, mimi dhahabu ilinimalizia akaunti hivyo hivyo, nikamficha mume wangu miezi miwili. Tamaa ndiyo tatizo, siyo indiketa.

Mjomba wa Kigamboni: Hii ni chai. ADX ya 14 kila mshumaa mpya huchangia sehemu moja tu ya 14. Hata DX ikigonga 100, ambayo ndiyo mwisho wake, chukua 17 mara 13, jumlisha 100, gawa kwa 14: haifiki 23. Hiyo 31 umeitoa wapi?

Kijana wa Makorora: Si chai, mjomba. Niliishusha hadi 5. Ya 14 ilikuwa inanichelewesha, na wiki mbili hizi imenilipa vizuri.

Bi Hesabu: Ungesema mapema. Kwa 5 dari ni karibu 34, kwa hiyo 31 inawezekana. Lakini mipaka ya 20 na 25 watu wameizoea kwa 14 ya Wilder, tangu 1978. Kwa 5, trendi ikipumzika mishumaa michache tu unasoma 17 na kudhani ni renji. Hata hiyo 14 haitakulinda renji inapopasuka: itasoma 17, 19, 21 bei ikiwa imeshaondoka. Kinachokulinda ni ukingo wenyewe. Mshumaa ukifunga nje, unatoka. Na ADX ikiwa chini ya 20 lakini imeanza kupanda, usiuze ukingoni.

Mjomba wa Kigamboni: Samahani kwa neno chai. Ila mimi dakika 15 siiamini kabisa; naisoma ADX kwenye chati ya saa 4.

Bi Hesabu: Hapo hatukubaliani, lakini sasa kuna oda wazi. Kijana, rudisha 14. Inasomaje, na mshumaa umefunga wapi?

Kijana wa Makorora: 22. Umefunga 1.0881.

Bi Hesabu: Pipsi 16 nje ya ukingo. Funga. Na kwa 22 usinunue pia.

Kijana wa Makorora: Nasubiri mshumaa mmoja tu, dada.