Msaada: mota ya ukubwa gani itapandisha toroli la mawe mlimani?

Machimbo_Chamwino
Wakuu, habari za leo. Tunachimba mawe ya kokoto upande wa Chamwino. Mawe yako bondeni, mashine ya kusaga iko juu, na vijana wanapandisha kwa mabega. Inaniuma kuwaona. Tumetandika reli ya mita 40, na ncha ya juu iko mita 12 juu ya ile ya chini. Toroli tupu lina kilo 150, tutapakia mawe kilo 450. Nataka lipande nusu mita kwa sekunde bila kubadilika, kwa hiyo kama sekunde 80 hadi juu. Muuza mota anasema hosipawa 1.5 inatosha, fundi wa giaboksi anasema 5. Nimwamini nani?

Mwalimu_wa_Mpwapwa
Muuza yuko sahihi. Kilo 600 kupanda mita 12 ni 600 × 9.8 × 12, yaani jouli 70,560. Gawa kwa sekunde 80, unapata wati 882. Hosipawa 1.5 ni wati 1,100 hivi. Akiba ipo.

Mama_Kisima
Mimi navuta ndoo ya zege kisimani kwa winchi, na uzito wote unaning'inia kwenye waya. Kilo 600 ni karibu nyutoni 5,900. Kwa mwendo wako ni wati 2,900 kabla ya chochote. Chukua kubwa, kaka.

Fundi_Winchi_Dom
Mama, kisimani ni kweli, lakini hapa sehemu kubwa ya uzito imebebwa na reli. Mita 12 kwa mita 40 ni 0.3, kwa hiyo waya unavuta 0.3 ya uzito: nyutoni 1,764. Zidisha kwa nusu mita, unarudi kwenye 882 zile zile za Mwalimu.

Mwalimu, hizo 882 ni za kupambana na mwinuko tu. Magurudumu ya toroli la machimbo yanakula vumbi, beringi zinakauka. Mimi huweka asilimia 3 ya uzito kwa msuguano, karibu nyutoni 170. Jumla nyutoni 1,930 na kitu, na kwenye waya inahitajika kama wati 970.

Sasa giaboksi. Ndugu, yako ni ya aina gani?

Machimbo_Chamwino
Ni ile ya skrubu, 40 kwa 1. Ngoma ya waya ina kipenyo cha sentimita 25.

Fundi_Winchi_Dom
Hapo ndipo nguvu inapopotelea. Giaboksi ya skrubu yenye uwiano huo, nikiipima kwa tahadhari, inapitisha asilimia 60 tu. Inayobaki inageuka joto. Ukiigusa baada ya kazi utaelewa. Ngoma na puli zinapitisha 90. Zidisha 0.6 kwa 0.9, ni 0.54. Gawa 970 kwa 0.54: shafti ya mota lazima itoe karibu wati 1,800. Ya 1.5 ingeungua. Nunua kilowati 2.2, yaani hosipawa 3. Ya mizunguko 1,430 kwa ngoma hiyo itakupa mwendo kama 0.47, karibu na unaotaka.

Mwalimu_wa_Mpwapwa
Asante, giaboksi niliiruka. Lakini kibao cha mota kina ufanisi asilimia 80. Si 2.2 mara 0.8? Unabaki na 1.76, haifiki 1,800.

Fundi_Winchi_Dom
Hapana, mkuu. Kilowati za kwenye kibao ni zile zinazotoka shaftini. Ufanisi wa mota umeshahesabiwa. Huo 0.8 unautumia upande wa umeme: 1.8 gawa kwa 0.8 ni 2.25, na hizo ndizo nyaya na jenereta zitakazobeba. Ukigawa kwa ufanisi wa mota pia wakati wa kuchagua kibao, utanunua kubwa bure.

Mama_Kisima
Na kama kijiji kina fezi moja tu? Huku kwetu jioni volti zinashuka mno.

Fundi_Winchi_Dom
Swali zuri, Mama. Nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti: ikiwa 190 badala ya 230, inabaki kama asilimia 68. Toroli likisimama katikati ya mlima halitaondoka tena. Njia ni kupunguza mwendo: nusu ya mwendo ni nusu ya nguvu, ila safari inakuwa ndefu. Pima volti mota ikiwa imebeba mzigo, si ikiwa tupu, na bana klampu mita kwenye waya mmoja wa fezi. Ampea zikizidi za kwenye kibao safari nzima, punguza mawe.

Na breki iwepo. Wapo wanaoamini giaboksi ya skrubu itashikilia yenyewe. Ikitikisika na kupata mafuta mapya inaweza kuteleza.

Machimbo_Chamwino
Nguzo ya fezi tatu iko mbali kidogo na machimbo, sijajua gharama ya kuvuta laini. Nikifunga fezi moja na giaboksi ya 80 kwa 1, ufanisi hautashuka zaidi?

Fundi_Winchi_Dom
Kwa skrubu, uwiano ukipanda ufanisi kwa kawaida unashuka. Nitumie picha ya kibao cha giaboksi kabla hujalipa.