Mbwa anajitafuna hadi damu: viroboto, chakula au kitu kingine?

Mama Tabata, 9 Machi

Wakuu habari za usiku. Nina mbwa dume, chotara wa Kijerumani, miaka miwili na miezi kidogo, anaitwa Chui. Mwezi sasa hatulali. Anajitafuna pale mkia unapoanzia, manyoya yameisha imebaki ngozi nyekundu. Akichoka hapo anahamia kulamba nyayo za mbele na kukung'uta masikio. Daktari mmoja alikuja nyumbani akamchoma sindano, kwenye kadi akaandika "mzio", basi. Alitulia siku kumi, akaanza upya.

Anakula ugali wa dona na dagaa, na vichwa na miguu ya kuku nikipata. Dukani wanasema nimhamishie chakula cha mfuko, na bei yake mnaijua. Viroboto nimemkagua mwili mzima, sijaona hata mmoja. Kabla sijatoa hela naomba kujua, ni chakula kweli?

Fundi Bomba

Dada, ni kuku. Wangu alikuwa hivyohivyo, nikaacha kumpa kuku akapona. Na kama viroboto huvioni basi havipo, hiyo njia ifunge. Acha kuku wiki mbili utanishukuru.

Shemeji wa Wote

Mpake oili chafu ya gari, kila kinachotembea kitakufa. Babu zetu hawakuwa na mambo ya mzio.

Mzee wa Josho

Shemeji, hiyo oili atairamba yote na itamuumiza tumbo na ini, na ngozi iliyochubuka itaungua. Usimpake, mama.

Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, niseme ninavyoona. Kwanza zile siku kumi za kutulia hazikuambii chochote. Sindano ya namna hiyo kwa kawaida ni ya jamii ya prednisoloni, na inazima mwasho uwe wa kiroboto, wa chakula au wa majani. Muulize huyo daktari alichoma nini, na tarehe, kwa sababu dawa ikiwa bado mwilini utadhani unachojaribu kinafanya kazi.

Pili, kutoona kiroboto si ushahidi. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia, kuumwa mara chache kunatosha, na kwa vile anajitafuna mchana kutwa anavimeza mwenyewe. Usitafute mdudu, tafuta kinyesi chake. Msimamishe juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu, mkwangue kiunoni kwa kitana cha meno ya karibu. Punje nyeusi zikianguka, subiri dakika chache. Vumbi litabaki jeusi. Kinyesi cha kiroboto kitatoa duara la wekundu kama kutu, kwa sababu ni damu iliyosagwa.

Na nijibu haya: analala wapi? Kuna paka? Kuna mtu humo ndani anawashwa? Ukimsugua ncha ya sikio kwa vidole, mguu wa nyuma unajikuna wenyewe?

Mama Tabata, 10 Machi

Mzee, nimefanya asubuhi. Punje saba hivi, tano zimetoa wekundu. Nimeishiwa nguvu.

Analala chini ya gari bovu la mume wangu, kwenye mchanga. Paka wa jirani nao wanalala hapohapo. Sikio nimesugua, mguu umetulia. Mwanangu ana vipele vifundoni, mimi nilidhani mbu.

Mzee wa Josho

Vifundoni ndipo kiroboto anaporukia mtu, kwani anatokea chini. Sikio lingejibu kwa mguu kujikuna, na kingo za masikio zingekuwa na magamba, ningekwambia ukimbilie kukwanguliwa ngozi iangaliwe kwenye hadubini, maana ule upele wa utitiri unahamia hata kwa watu. Kwa wako sioni hizo dalili, ingawa daktari akija mwambie akwangue tu.

Sasa sikiliza mahali watu wengi wanaposhindwa. Kiroboto unayemuua juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya waliopo. Mayai yanadondoka pale anapolala, na mchanga wenye kivuli na unyevu chini ya gari ndiyo wodi ya wazazi. Funza wake akishajifunga kwenye kifuko chake, dawa ya kunyunyiza haimpati, na anaweza kukaa humo wiki nyingi akisubiri joto na mtikisiko wa mnyama kupita. Ndiyo maana mtu anaweka dawa leo, baada ya wiki tatu anaona wapya, anasema dawa feki.

Kwa hiyo: mpime uzito kwanza, dawa zinatolewa kwa kilo. Mpe kidonge cha kutafuna au matone ya mgongoni kila baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, miezi mitatu bila kuruka. Gari lisogezwe jua lipige pale. Fagia, choma takataka, fua matandiko kwa maji ya moto. Bila kuhesabu paka unafanya kazi bure, ongea na jirani.

Nyota ya Asubuhi

Samahani nadandia. Paka wangu naye amenyonyoka tumboni. Ninayo hayo matone ya mbwa yamebaki nusu, nimpe kidogo?

Mzee wa Josho

HAPANA. Matone mengi ya mbwa yana permethrini, na hiyo inaua paka, anaanza kutetemeka halafu degedege. Hata paka anayelala amegusana na mbwa aliyepakwa leo yuko hatarini. Nunua iliyoandikwa paka.

Fundi Bomba

Sawa mzee, viroboto vipo. Lakini nyayo na masikio? Viroboto havikai nyayoni. Mimi bado nasema kuku.

Mzee wa Josho

Hapo Fundi amegusa penyewe. Kiunoni na mapaja ya nyuma ni kazi ya kiroboto. Nyayo, masikio, makwapa na uso ni sehemu za mzio wa chakula, na pia za mzio wa mazingira, na kwa macho huwezi kuvitenganisha hivyo viwili. Vipimo vya damu vinavyouzwa kwa mzio wa chakula sivitegemei, vinataja vyakula ambavyo mbwa anavila bila shida. Ila tusichanganye kazi. Maliza viroboto kwanza tuone kinabaki nini.

Mama Tabata, 14 Aprili

Mrejesho. Kidonge cha pili kimeingia, gari limeondoka (mume kanuna wiki nzima). Jirani amekubali paka wake wawekewe dawa, nimelipa mimi. Kiuno kimeota manyoya, hakigusi tena. Nyayo bado analamba, zimekuwa rangi ya chai, na masikio yananuka. Mvua hazikatiki.

Mzee wa Josho

Rangi ya chai ni mate. Harufu ni fangasi au bakteria waliodandia ngozi iliyolowa, apelekwe achukuliwe uchafu wa sikio na wa katikati ya vidole, watibiwe. Fangasi peke yake anawasha, na akibaki atakudanganya kwamba chakula kimeshindwa.

Halafu ndipo tujaribu chakula. Wiki 8, si mbili, Fundi. Mbwa wengi wenye mzio wa chakula wanaonyesha nafuu ndani ya muda huo, ila wiki mbili ni mapema mno. Nyama moja ambayo hajawahi kuonja, wanga mmoja, maji. Basi.

Shemeji wa Wote

Kitimoto! Tabata imejaa.

Mama Tabata

Shemeji, kwangu hakiingii hata kwa jina la mbwa. Mbuzi ameshakula kila Idi. Kuna kijana anafuga sungura Kinyerezi.

Mzee wa Josho

Sungura na viazi mviringo, vyote vya kuchemsha. Theluthi nyama, theluthi mbili viazi, bila chumvi, bila kitunguu. Kwa mbwa mzima mwenye afya wiki hizo hazina neno. Angekuwa mtoto anayekua nisingekuruhusu bila daktari kupanga chakula chenyewe. Na kile kidonge cha kutafuna kina ladha ya nyama, badilisha uweke matone, paka wasimsogelee.

Mama Tabata, 6 Mei

Nataka kulia. Wiki ya tatu, nimemkuta mlinzi anamtupia mifupa ya kuku ya chipsi. Anasema mbwa alikuwa anamwangalia.

Mzee wa Josho

Anza kuhesabu upya kutoka leo. Mlinzi mnunulie chakula chake cha jioni, ni rahisi kuliko sungura.

Mama Tabata, 3 Julai

WAKUU! Wiki 8 zimetimia. Halambi nyayo, masikio safi, analala usiku kucha. Fundi Bomba ulikuwa sahihi, ni kuku. Naagiza kile chakula cha mfuko cha samaki.

Fundi Bomba

😎 Nilisema.

Mzee wa Josho

Ngojeni kwanza. Mama, mwaka jana alijikuna lini?

Mama Tabata

Mh. Mwezi wa nne, wa tano. Tulidhani ni matope. Ikaisha yenyewe.

Mzee wa Josho

Na mwaka huu mvua zilikatika lini? Mwishoni mwa Mei, na wewe umeona nafuu Juni. Kwa hiyo vitu viwili vimebadilika pamoja, sahani na hewa, na hatujui kipi kimemponya. Mrudishie kuku uleule wa zamani, kila siku, wiki 2. Kama ni mzio wa kuku atawashwa ndani ya muda huo, mara nyingine siku ileile. Akianza, mrudishe kwenye sungura, akitulia tena umepata jibu. Asipoanza, mjaribu na dagaa, kisha dona, kila kimoja wiki 2.

Mama Tabata

Mzee, unataka nimrudishie ugonjwa kwa mkono wangu?

Mzee wa Josho

Ndiyo. Au umnunulie chakula cha mfuko miaka kumi bila kujua kwa nini.

Mama Tabata, 15 Agosti

Kuku wiki 2, hakuna kitu. Dagaa wiki 2, hakuna. Dona tumemaliza juzi, hakuna. Anakula kama zamani na ngozi inang'aa. Matone ya viroboto naendelea nayo kila mwezi.

Fundi Bomba

Basi wangu alipona na nini?

Mzee wa Josho

Ulimwachisha kuku mwezi gani?

Fundi Bomba

...Juni.

Mzee wa Josho

Haya. Mama, chakula tukitoe. Kinachobaki ni kitu cha msimu wa mvua: chavua ya majani, ukungu, au wale wadudu wa vumbi wanaostawi nyumba ikiwa na unyevu. Umri wake unaendana, aina hii huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu. Haiponi kabisa, inasimamiwa. Vuli ikianza umuoshe nyayo na tumbo kwa maji akitoka kwenye majani, umkaushe vizuri katikati ya vidole, na umuone daktari mapema wa dawa ya kuzuia mwasho, si baada ya kuchubuka.

Mama Tabata

Lakini vuli ya mwaka jana hakujikuna. Ni masika tu. Na matandiko yake ni yaleyale mwaka mzima.

Mzee wa Josho

Hapo umenishika. Ingekuwa vumbi la matandiko ningetegemea walau kidogo kila mwezi. Pengine ni jani fulani linalochanua masika, kuna nini nyuma ya ukuta wako?

Mama Tabata

Kiwanja cha mtu, nyasi zinafika kiunoni. Kesho napiga picha.